Tafsiri sahihi haitoshi kusawazisha maswali

"Swali la mtihani la Kiingereza likitafsiriwa kwa Kiswahili kwa usahihi, si ugumu unabaki uleule?"

Hapana. Chukua swali la idadi ya pande za heksagoni. Kwa Kiingereza mwanafunzi lazima akumbuke maana ya jina hilo. Kwa Kiswahili umbo huitwa pembesita, na jibu limo ndani ya jina. Tafsiri haina kosa, ila swali limekufa. Afadhali matoleo yote mawili yaache jina na kupima kitu kingine: "Umbo lina pande sita zilizo sawa, kila upande sm 4. Mzingo wake ni sm ngapi?" Jibu ni 24. Katika machaguo yasiyo sahihi, 10 humnasa aliyejumlisha 6 na 4. 36 humnasa aliyezidisha 6 kwa 6.

Mtego mwingine, ambao hata watunzi wazoefu huupita bila kuuona, ni upatanisho wa ngeli. Tazama: "____ unasukuma damu mwilini," na machaguo ni moyo, figo, ini, mapafu. Kiambishi u- kinakubali moyo peke yake, kwa hiyo asiyejua lolote la baiolojia anapata alama. Kiingereza hakitoi msaada huo, maana figo, ini na moyo huchukua kitenzi kilekile. Andika "Kiungo gani husukuma damu mwilini?" kwani hu- haifuati ngeli.

Kutafsiri tena kuelekea Kiingereza hakufichui kasoro hizi. Mpe mwalimu wa somo jingine toleo la Kiswahili, akate machaguo kwa sarufi tu. Likibaki moja, andika upya.