PIN ya mnunuzi ikikosewa kwenye ankara ya eTIMS

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Tarehe 27 Machi linaiuzia kampuni ya ukandarasi mifuko 250 ya saruji kwa shilingi 800 mmoja, jumla 200,000. VAT ya asilimia 16 ni 32,000, kwa hiyo ankara namba 118 inatoka ikiwa na shilingi 232,000. Aliyekuja kuchukua mzigo ni mkurugenzi mwenyewe, na karani alipomwomba PIN ya kodi akataja yake binafsi, inayoanza na A. PIN ya kampuni huanza na P.

Kosa linajitokeza tarehe 9 Aprili. Mhasibu wa mnunuzi anaandaa ritani ya VAT ya Machi na ankara hiyo haioni, kwa sababu mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, humtambua mnunuzi kwa PIN na ankara imekwenda kwa mkurugenzi. Anapiga simu dukani: "Tafadhali nibadilishieni PIN kwenye ile 118."

Ombi hilo halitekelezeki. Ankara ikishapokelewa na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haihaririwi wala haifutwi. Imeshapata saini ya mfumo na msimbo wa QR, na nakala iko KRA. Wapo wanaochapisha nyingine kwa Word na kuiita 118A. Karatasi hiyo haimfai mnunuzi hata kidogo: akiskani QR iliyonakiliwa, ataletewa ile ile 118 yenye PIN ya mkurugenzi.

Njia sahihi ni kuiacha 118 mahali pake na kuibatilisha kwa hati ya mkopo, ile inayosomeka Credit Note kwenye skrini. Karani anaifungua 118, anachagua kutoa hati hiyo kwa kiasi chote cha 232,000, na penye sababu anachagua Wrong Customer PIN. Hapo wengi huteleza: hutaka kuweka PIN sahihi kwenye hati ya mkopo. Usifanye hivyo. Hati inaondoa mauzo yaliyoandikwa kwa mkurugenzi, basi lazima ibaki na PIN ile ile iliyokosewa na itaje namba 118. PIN ya kampuni huingia kwenye ankara mpya tu.

Duka letu lilikuwa limefika namba 143, na mfumo wake huhesabu hati zote kwa mfululizo mmoja. Hati ya mkopo ikawa 144, na ankara mpya ya kampuni ikawa 145, yenye bidhaa, idadi na bei zile zile. Zote mbili zina tarehe 9 Aprili. Usirudishe tarehe nyuma hadi Machi ili vitabu vipendeze. Mkaguzi akifika kwenye 118 ataikuta, ataona 144 imeibatilisha, kisha ataifikia 145. Hakuna namba iliyoruka wala iliyojirudia.

Kabla ya kutoa 145, hakiki PIN kwenye PIN Checker ya iTax na usome jina linalojitokeza. PIN ina herufi, tarakimu 9, kisha herufi nyingine, na tarakimu moja ikipinduka unaweza kuangukia kwa mtu mwingine kabisa.

Sasa ritani. Ya Machi, inayotakiwa kufikia tarehe 20 Aprili, inabaki na 32,000 za ankara 118, kwa kuwa mauzo yalitangazwa mwezi huo. Ya Aprili itakuwa na 32,000 za kutoa kupitia 144 na 32,000 za kuongeza kupitia 145, hivyo tofauti ni sifuri. Aliyetoa ankara mpya akasahau hati ya mkopo atakuwa ametangaza kodi ya 64,000 kwa mzigo mmoja. Mnunuzi naye atadai kwenye ritani ya Aprili, kwa namba 145.

Angalia stoo pia. Hati ya mkopo huweza kuirudisha mifuko 250 kwenye hesabu ya mfumo ingawa saruji ilishamwagwa kwenye msingi, na ankara mpya huitoa tena. Hizo hatua mbili zifanywe siku moja, la sivyo kwa muda utaonekana una saruji ambayo haipo. Malipo yaliyoingia kwa M-Pesa nayo yahamishwe kwenye vitabu kutoka 118 hadi 145; pesa hazirudishwi.

Jina likikosewa huku PIN ikiwa sahihi, mimi hupima kwanza. Herufi iliyoruka haimzuii mnunuzi kudai, na kwa maoni yangu haistahili hati mbili zaidi. Lakini jina likiwa la kampuni nyingine, fuata hatua zile zile kwa sababu ya Wrong Customer Name.

Yote haya yana muda. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inataka hati ya mkopo itolewe ndani ya miezi 6 tangu ankara ilipotoka, kwa hiyo ya Nakuru ingekwama baada ya tarehe 27 Septemba. Mnunuzi askani QR siku anapopokea mzigo, karani akiwa bado mbele yake.