Mahitaji ya jumla na ugavi wa jumla: bei zikipanda, ni mstari upi uliosogea?

Mahitaji ya jumla ni matumizi yote ambayo nchi nzima inakusudia kufanya katika kila kiwango cha bei: ya kaya, ya kampuni zinazowekeza, ya serikali, pamoja na mauzo ya nje ukishatoa manunuzi kutoka nje. Ugavi wa jumla ni kiasi cha bidhaa na huduma ambacho wazalishaji wako tayari kutoa. Kwenye mchoro, mhimili wima hubeba kiwango cha bei, yaani fahirisi ambayo mwaka wake wa msingi ni 100, na mhimili mlalo hubeba pato halisi, yaani kiasi kinachozalishwa nchini bila kuhesabu mabadiliko ya bei.

Mstari wa mahitaji hushuka kuelekea kulia, ila si kwa sababu ile ya soko la bidhaa moja. Bidhaa moja ikipanda bei, mnunuzi huhamia nyingine. Bei zote zikipanda pamoja, hana pa kuhamia. Hapa akiba yake ya fedha hupungua nguvu ya kununua, riba hupanda kwa kuwa watu wanahitaji fedha nyingi zaidi mkononi, na bidhaa za nchi huwa ghali kwa wageni. Mstari wa ugavi wa muda mfupi hupanda kuelekea kulia kwa sababu mishahara na mikataba mingi hukaa bila kubadilika kwa muda. Bei za kuuzia zikitangulia kupanda, faida huongezeka na viwanda huzalisha zaidi.

Wengi hukosea hapa: mabadiliko ya kiwango cha bei hayasogezi mstari wowote, hutupeleka tu kwenye nukta nyingine ya mstari uleule. Kinachosogeza mahitaji ni mambo kama matumizi ya serikali, kodi, hatua za benki kuu kuhusu riba, imani ya wawekezaji na kipato cha nchi zinazonunua bidhaa zetu. Ugavi husogezwa na gharama na uwezo wa kuzalisha: bei ya nishati, mishahara, ukame, teknolojia, na mfumuko wa bei unaotarajiwa, kwa kuwa wafanyakazi huudai ndani ya mishahara mipya.

Tuchukue uchumi wa mfano, Y likiwa pato na P kiwango cha bei:

```
Mahitaji: Y = 1400 - 4P
Ugavi:    Y = 600 + 4P
```

Mistari inakutana P ikiwa 100 na Y ikiwa 1000. Tuseme pia kwamba 1000 ndilo pato ambalo uchumi huu unaweza kulidumisha.

Sasa serikali inaongeza matumizi, na mahitaji yanakuwa 1480 - 4P. Mlingano mpya unatoa P ya 110 na Y ya 1040. Mahitaji yamesogea kwa 80, lakini pato limeongezeka kwa 40 tu, kwa sababu kupanda kwa bei kumefuta nusu ya ongezeko lile.

Turudi mwanzo, safari hii nishati ipande bei na ugavi uwe 520 + 4P. P inafika 110 tena, ila Y inashuka hadi 960. Fahirisi ya bei ni ileile katika visa vyote viwili, kwa hiyo haiwezi peke yake kukuambia kilichotokea. Tazama pato na ajira. Bei na pato vikipanda pamoja, mahitaji ndiyo yaliyosogea zaidi. Bei zikipanda huku pato likishuka, ni ugavi. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilibana mauzo ya mafuta, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne kufikia mwanzo wa 1974. Mwaka huo Marekani ilipata mfumuko wa bei wa takribani asilimia 11 huku pato lake halisi likipungua: dalili kamili za kusogea kwa ugavi.

Pato la 1040 nalo halidumu. Mikataba ikiisha, wafanyakazi hudai mishahara inayolingana na bei mpya, na mstari wa ugavi husogea kushoto hadi pato lirudi 1000. Weka 1000 katika 1480 - 4P utaona P imefika 120. Ongezeko lote la mahitaji limeishia kwenye bei.

Kisa cha nishati ndicho kinachoibana benki kuu. Ikichochea mahitaji ili pato lirudi 1000 mara moja, bei zinafika 120. Ikiyabana ili bei zirudi 100, pato linaanguka hadi 920. Ikitulia, 960 hubaki mpaka nishati ishuke bei au mishahara ilegee, na mishahara huwa mizito kushuka. Zaidi ya hapo, kama pigo limeharibu uwezo wenyewe wa kuzalisha, basi pato la kudumu si 1000 tena, na kila jaribio la kulirudisha huko kwa kuongeza mahitaji litaendelea kupandisha bei.