Riba ikishuka, si kila kilichopotea hurudi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: “Riba kali haina madhara ya kudumu. Ikishuka, uchumi unarudi palepale.”

Hilo huwa karibu na kweli riba inapopanda kwa muda mfupi. Lakini chukua karakana ya kuchomelea vyuma pale Changamwe. Mkopo ukiwa ghali miaka mitatu, fundi hanunui mashine mpya, na vijana wake wanatawanyika, mikono ikisahau kazi. Riba ikishuka, oda zinarudi, uwezo haupo. Wachumi huliita kovu hili histeresisi.

Kinachochanganya ni asilimia za ukuaji: uchumi unaweza kukua kwa kasi ileile ya zamani huku ukibaki chini ya pale ambapo ungefika bila riba kali. Kwa hiyo linganisha kiwango cha uzalishaji, si kasi pekee. Ukubwa wa kovu bado unabishaniwa, na mfumuko wa bei, ambao riba kali hulenga kuudhibiti, nao unaumiza. Ila tafadhali, ujumbe huo msiusambaze tena kwenye magrupu.