Saa 1:04 na 01:47: dhana potofu kuhusu ripoti ya data inayodhaniwa kuvuja

Tuchukue mfano wa kubuni: SACCOS ndogo ya Sinza, wafanyakazi tisa, barua pepe zao ziko Microsoft 365. Ijumaa asubuhi mwanachama anapiga simu. Kuna mtu amemwandikia akimtaka alipie deni kwa namba mpya, na kiasi alichokitaja ni kilekile cha kwenye vitabu, hadi shilingi. Afisa TEHAMA anaambiwa aandike ripoti.

Dhana: ripoti ya tukio ni barua ya kujieleza. Hapana. Barua ya kujieleza inamhusu mtu, na ofisi inajua pa kuipeleka. Ripoti inaeleza mfumo ulifanya nini, saa ngapi, na sisi tukafanya nini. Zikichanganywa, watu huficha vitu, na ratiba ya matukio inabaki na mashimo.

Dhana: saa iandikwe kama ilivyosemwa. Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia, na kwetu tatizo ni mara mbili. Mhasibu alisema alifunga kazi "saa moja na dakika nne". Rasimu ikaandika 1:04. Mstari uliofuata ulisema kuna aliyeingia kwenye akaunti yake 01:47. Mjumbe wa bodi akisoma hivyo ataona dakika 43 tu kati ya mhasibu na mhalifu, na ataanza kumwangalia mhasibu kwa jicho baya. Kumbe saa moja yake ni ya jioni.

Logi za Microsoft 365 nazo zinahifadhiwa kwa saa ya UTC, inayoandikwa kwa herufi Z, na iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Mhasibu alitoka 16:04Z Jumatatu, yaani 19:04 kwetu. Mgeni aliingia 22:47Z, nayo logi bado inasoma Jumatatu tarehe 3 Machi, wakati hapa ilikwishafika Jumanne, saa 7:47 usiku. Basi ratiba yote iwe ya saa 24 kwa saa za Dar, na pembeni ibaki saa ya logi kama ilivyo:

- 3 Machi, 19:04 (16:04Z): mhasibu anafunga kazi.
- 4 Machi, 01:47 (3 Machi, 22:47Z): akaunti yake inafunguliwa kutoka anwani ya mtandao isiyojulikana.
- 4 Machi, 01:53 (3 Machi, 22:53Z): kanuni mpya inawekwa kwenye kikasha.
- 7 Machi, 10:20: simu ya mwanachama.
- 7 Machi, 11:05: nywila inabadilishwa.
- 7 Machi, 11:31 (08:31Z): barua yenye neno "marejesho" inaenda nje.

Dhana: ukibadilisha nywila, mambo yamekwisha. Tazama mstari wa mwisho. Nywila imebadilishwa, na dakika 26 baadaye barua bado inatoka. Ile kanuni, iliyopewa jina la nukta moja tu ili isionekane, ilituma nakala ya kila barua yenye "mkopo" au "marejesho" kwenye anwani ya nje. Kanuni hukaa kwenye seva, haijali nani ana nywila. Hivyo inatafutwa na kuhifadhiwa kabla ya kufutwa, maana ukifuta kwanza umepoteza ushahidi wa anwani iliyokuwa ikipokea:

```
Get-InboxRule -Mailbox mhasibu@example.org |
  Format-List > kanuni.txt
```

Halafu vikao vyote vilivyo wazi vinakatwa, uthibitisho wa hatua mbili unawashwa, na programu zilizopewa ruhusa ya kusoma kikasha zinakaguliwa. Kwa kawaida Microsoft 365 huzuia barua kupelekwa nje kiotomatiki. Katika mfano wetu mtu aliifungua ruhusa hiyo kwa ofisi nzima ili mwenyekiti apate nakala kwenye simu yake. Hilo nalo liingie kwenye ripoti kama chanzo, na kuifunga kuwe na jina la mhusika na tarehe.

Dhana: hatujaona data ikitoka, basi haikutoka. Ripoti itenge mambo matatu. Kilichothibitika: barua zilizopelekwa nje, kwa orodha. Kinachowezekana: barua nyingine ambazo mgeni angeweza kuzisoma akiwa ndani. Kisichoweza kujulikana: kipindi ambacho logi zake zimeshafutika. Kuandika "hakuna madhara" juu ya logi ambazo hazipo ni kujidanganya.

Dhana: Tume iarifiwe uchunguzi ukikamilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe bila kuchelewa. Taarifa ya kwanza itaje yaliyothibitika hadi saa hiyo, na nyongeza ifuate. Wanachama wanaohusika waandikiwe siku hiyohiyo, kwa sentensi mbili: namba ya malipo haijabadilika, na anayedai imebadilika msimlipe.