Namba ileile ya rangi ya nywele, kopo tofauti

"Nimezoea 6.46. Mwanjelwa nikapewa ya kampuni nyingine yenye 46, nywele zimetoka zambarau. Namba si ni ileile?"

Hapana. Hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote. Namba ya kwanza, kabla ya nukta au mkwaju, ni kina cha rangi: 1 ni nyeusi, 10 ni ya dhahabu iliyopauka sana. Hapo kampuni nyingi hukaribiana.

Tatizo liko baada ya nukta. Kwa L'Oréal, 4 ni shaba na 6 ni nyekundu, hivyo 6.46 ni shaba yenye wekundu. Kwa Wella, 4 ni nyekundu na 6 ni zambarau, hivyo 66/46 ni nyekundu yenye zambarau. Ile 6 iliyorudiwa kabla ya mkwaju inaashiria rangi iliyokolea zaidi.

Kabla ya kununua, mwombe muuzaji chati za kampuni zote mbili. Tafuta maana ya kila tarakimu, kisha ulinganishe maelezo, si namba: anayetaka shaba yenye wekundu kwa Wella atafute 4 yenye 3, yaani nyekundu yenye dhahabu, ndiyo iliyo karibu. Halafu jaribu kishungi kimoja nyuma ya sikio kwa dakika zilizoandikwa, ukikague kikishakauka, maana nywele mbichi huonekana nyeusi zaidi.