Wa kwanza na wa mwisho si huru, hata kama wote wamekuja kivyao

Swali ni hili: ukipewa nukta n za nasibu, tafuta msongamano wa uwezekano wa iliyo ndogo kabisa na iliyo kubwa kabisa kwa pamoja. Wiki hii nimelisahihisha tena jibu lile lile: "Nukta zote ni huru, kwa hiyo iliyo ndogo kabisa na iliyo kubwa kabisa nazo ni huru. Zidisha misongamano yao." Hapana, jamani!

Tuseme watu n wanafika kituoni kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, kila mtu kivyake, na kila dakika ina nafasi sawa na nyingine. Saa nzima ni 1. Wa kwanza anafika wakati U, wa mwisho V.

Anza na watu wawili. Ukizidisha unapata 2(1-u)·2v kwenye mraba mzima. Kokotoa humo uwezekano wa U > V: unapata 1/6. Yaani katika asubuhi sita, moja wa kwanza amefika baada ya wa mwisho! Msongamano wa kweli ni sifuri popote u inapoizidi v, na pembetatu hiyo peke yake inatosha kuukataa uhuru.

Njia yenyewe ni fupi. U > u na V ≤ v maana yake wote n wamo kati ya u na v, na uwezekano wake ni (v-u)^n. Tafuta derivativu kwa v, kisha kwa u, geuza alama:

```
f(u,v) = n(n-1)(v-u)^(n-2),  0 < u < v < 1
```

Sasa upana, R = V - U. Ukishaishika r, u inaweza kuanzia popote kati ya 0 na 1-r, na msongamano haubadiliki njiani, kwa hiyo unazidisha kwa urefu huo:

```
f(r) = n(n-1) r^(n-2) (1-r)
```

Ukiisahau (1-r), jumla inakuwa n badala ya 1. Kagua kabla ya kukabidhi karatasi.

Kwa watu watano ni 20r³(1-r). Wastani ni 2/3, dakika 40. Uwezekano wa wote kufika ndani ya nusu saa ni 3/16.

Kinacholifanya kosa lile lidumu ni huo wastani. Ukidhani U na V ni huru bado unapata dakika 40, kwa sababu wastani wa tofauti hauhitaji uhuru. Varianzi ndiyo inayokuumbua: ya kweli ni 8/252, ya uongo 10/252. Watu watano wanaikata saa vipande sita. U ni kipande cha kwanza, 1-V cha mwisho. Jumla ni moja, kwa hiyo kimoja kikirefuka vingine hubanwa, na kipimo cha uhusiano kati ya vipande viwili vyovyote ni -1/n. Ukirudi kwa V alama inageuka: 1/n, hapa 1/5. Kwa nukta 1000 ni 0.001, ndiyo maana anayejaribu kwa sampuli kubwa hulikosa kosa lake.

Shaka yangu iko kituoni kwenyewe. Watu huja na majirani zao, na hapo 3/16 inakuwa ndogo mno. Kwa hali hiyo sina fomula ninayoiamini.