Simu ya polepole haimcheleweshi mwenyewe tu

Ukumbi wa mihadhara umejaa, simu na laptopu mia tatu zimeshika waifai moja, na ukurasa haufunguki. Hapo kila mtu ana maelezo yake, na mengi si kweli.

Dhana: Kifaa chenye kasi ndogo kinamuumiza mwenye nacho tu.

Kwenye chaneli moja husema mmoja kwa wakati, waliobaki hunyamaza wakisubiri. Na utaratibu wa kawaida wa waifai hugawa zamu, haugawi muda. Ukishapata zamu unarusha fremu yako, yaani kifurushi chako cha data, hadi iishe, hata ikichukua muda mrefu namna gani.

Tupige hesabu. Fremu ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa kasi ya megabiti 300 kwa sekunde inakaa hewani mikrosekunde 40. Kwa megabiti 6 inakaa mikrosekunde 2,000. Sasa chukua vifaa 19 vya haraka na kimoja cha polepole, vyote vikipakua, kila kimoja fremu moja kwa zamu. Wale 19 wanamaliza kwa mikrosekunde 760 tu. Yule mmoja anachukua 2,000, yaani asilimia 72 ya mzunguko mzima. Mwisho wa yote kila mtu, wa haraka na wa polepole, anaambulia megabiti 4.3 hivi.

Hapa nimeacha muda wa kusubiriana na wa kuthibitisha mapokezi. Vifaa vya kisasa pia hufunga fremu nyingi pamoja, jambo linalopunguza pengo bila kuliziba. Tatizo lenyewe si geni: watafiti wa Grenoble walilieleza mwaka 2003, enzi za 802.11b, toleo la zamani la waifai.

Dhana: Usawa wa muda wa hewani ni kila mtu kupata kasi ileile.

Kasi ileile ndiyo hiyo 4.3 tuliyoiona, na ndiyo ugonjwa wenyewe. (Wala huu si muda wa hewani wa kununua kwa vocha.) Kinachogawanywa sawa ni muda: kila mmoja kati ya 20 anapewa sehemu moja ya ishirini. Wa haraka wanapanda hadi megabiti 15, wa polepole anashuka hadi 0.3. Huyo atalalamika, na kwa upande wake ana sababu, maana kweli amepunguziwa. Kwangu mimi ni bei inayostahili kulipwa ukumbini.

Ila usiwashe mpangilio huu wa kugawa muda ukadhani umemaliza. Akses pointi, yaani kifaa kinachorusha waifai, hupanga foleni ya kile inachokituma yenyewe. Simu iliyo mstari wa nyuma ikianza kupakia video kwa megabiti 6, inajigombea zamu yake kama kawaida, na mgao wa akses pointi hauigusi.

Dhana: Mkosaji ni simu kuukuu.

Wakati mwingine. Lakini simu mpya kabisa, ikikaa nyuma ya nguzo ya zege huku umati umeikinga, nayo hushusha kasi ili isikike. Usikisie, kwenye akses pointi ya Linux, tazama:

```
iw dev wlan0 station dump
```

Soma `tx bitrate`, `rx bitrate` na `tx retries` za kila kifaa. Kasi ya chini pamoja na marudio mengi humaanisha mawimbi hayafiki vizuri, na kumwambia mtu abadilishe simu hakutasaidia.

Dhana: Tuongeze akses pointi.

Zikiwa kwenye chaneli ileile na zinasikiana, zote zinagombea hewa ileile. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Na kila akses pointi ina tangazo lake la kujitambulisha, ambalo kwa kawaida hurudiwa kila milisekunde 102.4 kwa kila jina la mtandao. Tangazo la baiti 300 kwa kasi ya megabiti 1 huchukua milisekunde 2.6 hivi. Akses pointi tatu za chaneli moja, zenye majina manne kila moja, hutoa matangazo 12, sawa na milisekunde 31: karibu theluthi ya hewa imekwisha kabla mwanafunzi yeyote hajafungua chochote.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kupunguza majina, kisha nafuta kasi za chini. Kwenye `hostapd.conf`, faili la mipangilio ya akses pointi ya Linux, namba zikiwa katika vipimo vya kilobiti 100:

```
supported_rates=120 180 240 360 480 540
basic_rates=120 240
```

Sasa tangazo linatoka kwa megabiti 12, na kifaa kisichoweza kufikia hapo hakiungi. Vifaa vya 802.11b pekee vitaachwa nje moja kwa moja. Vya mbali navyo vitakatika, kwa hiyo kabla ya kuhifadhi mabadiliko nenda ukae kiti cha mwisho kabisa, pembeni, ukumbi ukiwa umejaa, uone kama simu yako bado inashika. Ukumbi mtupu utakudanganya, kwa sababu miili ya watu hunyonya mawimbi.